Sababu ya Kufunga Chumba 312

Dada yangu alinifundisha kukagua chumba kwa kulala kitandani, viatu vikiwa mkononi. Nilikuwa na wiki moja kazini hotelini, yeye alikuwa na miaka tisa. Alinivuta chumbani, akafunga mlango, akajitupa kwenye kitanda alichomaliza kukitandika muda huohuo.

"Haya, na wewe lala," akasema.

"Dada, tutafukuzwa."

"Lala, bwana. Unaona nini?"

Niliona dari. Kwenye kona kulikuwa na doa la kahawia, la ukubwa wa sahani. Nilikuwa nimefagia chumba kile, nikafuta vioo, nikapanga taulo, na sikuwa nimeliona.

"Mgeni ataliona kabla hajavua koti," alisema. "Sisi tunaangalia chini, yeye anaangalia juu. Hapo juu pana bomba linalovuja. Kuwa mgeni kwanza, mdogo wangu, ndipo uwe mfanyakazi."

Kwa ajili ya maneno hayo wenzetu walimpa jina la Mgeni Rasmi. Akiingia chumba cha kubadilishia nguo, yule tuliyemwita Redio, kwa sababu haongei bali anatangaza, alikuwa akipiga makofi na kusema, "Jamani simameni, Mgeni Rasmi amewasili!" Dada naye alikuwa akipunga mkono kama mtu anayezindua daraja, kisha anaanza kuzozana na kabati lake ambalo halikuwahi kufungika vizuri hata siku moja.

Akikagua chumba, dada alikaa kitandani, akakaa kwenye kiti, akafungua droo zote. Alivuta maji ya choo na kusubiri mpaka tangi lijae, asikilize kama yanaendelea kutiririka. Alifunga dirisha na kulisukuma. Na bafuni alivua glavu. Hilo alilisisitiza kuliko yote. Sisi huingia bafuni na glavu za mpira na viatu vya mpira, na dawa mkononi, na tunafungua bomba na kulifunga tukiwa tumejifunika hivyo. "Mgeni haogi na glavu," alikuwa akisema.

Baadaye mimi nilipandishwa nikawa msimamizi wa ghorofa ya tatu, na yeye akawa chini yangu kikazi. Watu walidhani atanuna. Siku ya kwanza alinisalimia, "Shikamoo bosi," mbele ya kila mtu, mimi mdogo wake, na tukacheka mpaka tukakosa pumzi.

Naandika haya yote kwanza kwa sababu yanayofuata ni mabaya, na sitaki yeye akumbukwe kwa hayo tu.

Ilikuwa Jumanne, dada akiwa mapumziko. Mgeni wa 312 alipokuwa akiondoka alimwambia msichana wa mapokezi kwamba bomba la shawa linauma. Ndivyo alivyosema, linauma. Msichana akanipigia simu, nami nikapanda na kijitabu changu.

Kijitabu hicho lazima nikieleze. Kila hitilafu ninayoiona naiandika humo: namba ya chumba, kilichoharibika, na sababu ya kufunga kama chumba kinafungwa. Taa iliyoungua haifungi chumba, fundi anakuja anabadilisha, basi. Lakini kama mgeni anaweza kuumia au hawezi kulala humo, naandika "KIFUNGWE". Ninachoandika kinajinakili kwenye karatasi tatu: nyeupe inakwenda kwa fundi, ya manjano inakwenda mapokezi, na ya pinki inabaki kitabuni. Mapokezi wakipata ya manjano wanakitoa chumba kwenye kompyuta, hakiuzwi tena hata hoteli ijae vipi. Hakirudi mpaka fundi asaini kwamba ametengeneza na mimi nikikague upya.

Niliingia 312 nikapita kila mahali. Bafuni nikafungua bomba. Maji yakatoka, na ile shawa ya umeme iliyoko juu ikanguruma kama kawaida, maji yakawa ya moto. Sikuona kitu. Nilikuwa nimeanza kuondoka. Kisha nikatazama mikono yangu, yote miwili ina glavu, nikamsikia dada.

Nilivua glavu moja nikagusa bomba la chuma kwa nyuma ya kidole.

Lilinipiga mpaka kwenye kiwiko. Mkono ulijirudisha wenyewe kama si wangu. Nilikuwa na viatu vya mpira miguuni, na sakafu ilikuwa kavu. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikaandika:

"312. Shawa ya umeme inapiga shoti mpaka kwenye bomba. KIFUNGWE. Umeme uzimwe. Vyumba vyote vya mstari huu vikaguliwe."

Mstari huo ni vyumba kumi na viwili, 302 mpaka 324, vile vya namba shufwa vinavyotazama bustani. Shawa zake zote zilifungwa mwezi mmoja na mtu mmoja. Kanuni ya hoteli ni kwamba hitilafu ya umeme kwenye chumba kimoja inafunga mstari mzima mpaka kila chumba kipimwe.

Nilikutana na meneja kwenye ngazi. Aliniomba kijitabu, akasoma, akazichana karatasi mbili za juu, nyeupe na ya manjano, akazikunja akaziweka mfuko wa shati.

"Kesho jioni nina wageni sitini wa mkutano," alisema. "Unanifungia vyumba kumi na viwili?"

"Bosi, imenipiga. Angalia mkono."

"Pole. Sikatai kwamba imekupiga. Nakuuliza, 302 imekupiga? 320 imekupiga?"

"Sijazigusa."

"Basi. Funga 312, sawa kabisa, nakuunga mkono. Ila usiandike umeme. Ukiandika umeme kompyuta inanifungia korido nzima, na makao makuu wanaiona. Andika bomba linavuja. Jumatatu wageni wakiondoka tunaita mtu wa umeme anapima vyote."

Alikuwa mtu mpole, ndiyo maana ilikuwa vigumu kumbishia. Alitabasamu.

"Mama, chumba kinafungwa, si ndivyo? Nani ataumia ndani ya chumba kilichofungwa?"

Ilionekana kweli. Nikaegemeza kijitabu kwenye ukuta wa ngazi nikaandika ukurasa mwingine: "312. Bomba la shawa linavuja. KIFUNGWE. Kurudi: Jumatatu." Karatasi mbili zikaenda zilikotakiwa. Fundi aliiweka yake kwenye msumari pamoja na nyingine nane za mabomba yanayovuja, kwa maana alikuwa akisubiri mpira wa kuzibia. Mapokezi wakakitoa chumba. Nikatundika kibao mlangoni, CHUMBA HAKITUMIKI. Umeme haukuzimwa, kwa sababu hakuna anayezima umeme kwa ajili ya bomba linalovuja.

Kadi za wageni zilikataa kufungua mlango ule. Kadi zetu hazikukataa.

Na hapa ndipo pana jambo ambalo meneja hakulijua, na mimi nililijua vizuri kuliko mtu yeyote. Bafu la wafanyakazi wanawake kule chini lilikuwa limeharibika tangu mvua za mwaka uliopita. Maji ni ya baridi, mlango haufungi, na fundi akiulizwa anasema wageni kwanza. Kwa hiyo tulikuwa na utaratibu wetu. Chumba kikifungwa ghorofa yoyote, kinakuwa chetu. Zamu ikiisha, anayetaka kuoga anapanda na taulo lake, anaoga, anakausha sakafu, anatoka. Hatukufanya ovyo. Asubuhi orodha ikisomwa tulisikiliza sababu. Kama ni rangi, hapana, kunanuka. Kama ni choo, hapana. Kama ni runinga au zulia au kitasa cha kabati, karibu sana. Bomba linalovuja halikuwahi kumzuia mtu kuoga. Mimi mwenyewe niliwahi kuoga hivyo mara nyingi, hata baada ya kupandishwa cheo.

Jumatano dada alirudi kazini. Asubuhi tulisimama wote chumba cha kubadilishia nguo, wanawake kumi na mmoja, na mimi nikasoma orodha. Meneja alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake, jambo ambalo kwa kawaida halifanyi.

"312, imefungwa," nikasoma. "Bomba linavuja."

Nilimtazama dada. Alikuwa akipambana na kabati lake. Nilijiambia, nitamwambia pembeni tukishapanda, na wengine nitawaambia mmoja mmoja. Sikusema mbele ya meneja. Tulipopanda, nikaitwa 305 ambako mgeni alimwaga kahawa kitandani, kisha nikaitwa stoo, kisha wageni wa mkutano wakaanza kufika mapema. Mara mbili nilipishana na dada koridoni. Mara ya kwanza alikuwa anasukuma toroli na mgeni mmoja alikuwa karibu. Mara ya pili alinisemesha yeye.

"Bosi, leo nina mkutano wa wazazi shuleni saa kumi. Kama kuna mtu wa kunimalizia 318 nitakushukuru."

"Nitaimaliza mimi."

"Mungu akuweke. Binti amenionya nisiende nikinuka dawa ya choo. Eti namwaibisha!"

Akacheka, nami nikacheka. Mlinzi akaniita kuhusu mizigo. Nikaenda.

Nakumbuka maneno hayo kila siku. Aliniambia wazi kwamba ana mkutano na hataki kunuka dawa. Mtu yeyote wa pale angejua anakwenda kuoga. Mimi nilikuwa nawaza mizigo.

Saa tisa na nusu nilikuwa 318 natandika kitanda alichoniachia, Redio alipopita koridoni akisema kwa sauti yake, "Huyu Mgeni Rasmi atamaliza maji ya mji mzima leo. Nusu saa anaoga! Mkutano wa wazazi au harusi?"

"Anaoga wapi?" nikauliza. Nilijua.

"312, si ndiyo iliyofungwa?"

Nilikimbia. Sikukimbilia 312. Nilipita mlango wa 312, nikasikia maji yakitiririka, nikaendelea mpaka mwisho wa korido kwenye kabati la swichi, nikalifungua nikazishusha zote, mstari mzima, mpaka taa za korido zikazimika na mgeni mmoja akafungua mlango kuuliza kuna nini. Ndipo nikarudi, nikafungua kwa kadi yangu.

Alikuwa amelala ubavu kwenye sakafu ya bafu, maji baridi yakimwangukia begani. Taulo lake alikuwa amelitundika vizuri mlangoni. Viatu vya kwendea shuleni vilikuwa kwenye zulia, vimepangwa sambamba, na kitanda hakikuwa na hata kikunjo. Nilimvuta nje. Nilimkandamiza kifua kama tulivyofundishwa na watu wa zimamoto, nikihesabu kwa sauti, huku Redio amesimama nyuma yangu kimya. Sikuwahi kumjua Redio akiwa kimya. Fundi alifika mbio, akatazama bafuni, akatazama juu kwenye shawa, akakaa chini palepale.

"Mbona hukuniambia?" alisema. Hakuwa anagomba. "Bomba naliweka foleni. Umeme naacha hata chakula nakuja."

Daktari alipofika hakukaa sana.

Tulimzika Ijumaa. Siku ya tatu ya msiba nilikuwa nyuma ya nyumba naosha masufuria, Redio akaja akachuchumaa kando yangu, akachukua kitambaa akawa anakausha.

"Ulikwenda kabatini kwanza," alisema.

Nikaendelea kuosha.

"Mtu akimhofia ndugu yake aliyeko bafuni, anakimbilia bafuni. Wewe ulipita mlango. Ulikwenda kuzima umeme kwanza." Aliweka kifuniko juu ya sufuria. "Ulijuaje?"

Nilimpa sufuria nyingine. Hakuuliza tena. Alikausha masufuria yote yaliyobaki, akayapanga, akaenda. Huyo ambaye hata siri ya mume wake ilikuwa inafika sokoni kabla yake, hilo hakulitangaza kwa mtu yeyote. Aliniachia mimi.

Jumanne iliyofuata meneja aliniita. Mezani palikuwa na karatasi iliyopigwa chapa. Mkaguzi wa usalama kazini angekuja kesho yake saa nne, na mume wa dada yangu ameitwa asikilize kwa niaba ya familia.

"Soma, kisha usaini kama msimamizi," alisema. Macho yake yalikuwa mekundu, nadhani naye hakuwa analala.

Iliandikwa kwamba mfanyakazi aliingia bila ruhusa katika chumba kilichokuwa kimefungwa rasmi, chenye kibao mlangoni, akatumia vifaa vya wageni kinyume cha kanuni, na kwamba hitilafu pekee iliyokuwa imeripotiwa ilikuwa bomba linalovuja. Kila sentensi ilikuwa kweli. Niliisoma mara tatu nikitafuta uongo, sikuuona. Na kwa karatasi hiyo dada yangu alikuwa amejiua mwenyewe kwa utovu wa nidhamu.

"Kijitabu chako nitakihitaji pia," alisema. "Kwa ajili ya faili."

"Nimekiacha nyumbani."

"Kilete kesho. Mapema."

Kilikuwa kwenye mfuko wa aproni yangu. Jioni ile nilifunga mlango nikakifungua. Meneja alichana nyeupe na ya manjano. Hakuwahi kuandika kwenye kijitabu kile, hakujua kwamba ya pinki haitoki. Kurasa mbili zilikuwa zimefuatana, siku moja, mwandiko mmoja. Kwenye wa kwanza neno "shoti" limekandamizwa mpaka karatasi imetaka kutoboka, kwa sababu mkono ulikuwa bado unatetemeka. Wa pili umeandikwa vizuri sana. Ukurasa wa kwanza ungemsafisha dada. Wa pili ungeonyesha ni nani aliyejua na akanyamaza, na mwandiko haukuwa wa meneja.

Nilifikiri kuuchana wa pili na kubaki na wa kwanza. Naandika hili kwa sababu ni kweli. Nilishika karatasi kabisa. Lakini kurasa zina namba.

Mkaguzi alikuwa mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alikwisha pita 312 na fundi, akiwa na kifaa chake cha kupimia. Katika ofisi ya meneja tulikaa wanne. Shemeji alivaa shati lilelile la mazishi. Mkaguzi alisoma ile karatasi iliyopigwa chapa kwa sauti, polepole, na alipofika "kinyume cha kanuni" shemeji aliinamisha kichwa kama mtoto anayesutwa.

"Msimamizi, hujasaini," mkaguzi alisema.

Nilitoa kijitabu nikamfungulia. Meneja alianza kunyoosha mkono, akauacha mezani.

Mkaguzi alisoma ukurasa wa kwanza. Akasoma wa pili. Akarudi wa kwanza.

"Mwandiko huu ni wako?"

"Ndiyo."

"Na huu?"

"Na huo pia."

"Nani alikwambia ubadilishe?"

Nilimtazama meneja, naye akatazama dirisha. "Yeye aliniambia," nilisema. "Kuandika niliandika mimi. Na mtu wa kuwaambia wenzangu wasioge humo nilikuwa mimi. Tulikuwa tunaoga vyumba vilivyofungwa, wote, na mimi nikiwemo, kwa sababu bafu letu limeharibika. Dada alisikiliza sababu kama kawaida. Sababu niliyomsomea ilikuwa ya uongo."

Mkaguzi alivua miwani. Shemeji alikuwa ameinua kichwa sasa, ananitazama, na niliona anarudi nyuma kwa mawazo siku moja moja, msiba wote, mimi nikimpa uji, mimi nikipokea watu mlangoni, mimi nikimshika binti yake kaburini.

"Ulikuwa unajua tangu siku ile," alisema.

"Ndiyo, shemeji."

"Ungemwambia tu." Sauti yake haikupanda. "Mlikuwa ghorofa moja. Ungemwambia tu."

Alisimama akatoka. Tangu siku hiyo hajanisemesha, na mama yetu amehamia kwake kumsaidia na watoto. Binti ya dada nilimwona mara moja njiani na sare ya shule. Alivuka barabara.

Meneja aliondolewa wiki ileile. Mimi nilisimamishwa kuanzia saa sita mchana ya siku ya ukaguzi, shauri bado halijaisha. Lakini kabla sijaondoka siku ile, mkaguzi aliniambia kwamba vyumba vya mstari ule havijafungwa kwenye kompyuta mpaka sasa. Fundi alikuwa amezima shawa zote kwa uamuzi wake mwenyewe tangu Jumatano ile, na wageni waliambiwa maji ya moto yana tatizo kidogo. Watu walikuwa bado wanalala humo. Katika saba kati ya vile kumi na viwili, kifaa chake kilionyesha waya wa ardhini, ule wa kuzuia shoti, haukuunganishwa kabisa.

"Wewe ndiye msimamizi mpaka saa sita," alisema. "Viandike."

Nilipanda ghorofa ya tatu na kijitabu. Redio alinifuata bila kuitwa, akabeba vibao. Nilisimama mbele ya kila mlango nikaandika, nikachana nyeupe na ya manjano, yeye akatundika. 302, shawa ya umeme, hatari ya shoti, KIFUNGWE. 304, hivyohivyo. Wageni walitoka na masanduku wakilalamika. Tuliruka 312 tukaenda mpaka 324, kisha tukarudi.

Kibao chake kilikuwa bado kinaning'inia palepale nilipokitundika mimi. Niliandika sababu. Sehemu ya tarehe ya kurudi niliiacha wazi, nikampa Redio karatasi.

"Nipeleke mapokezi?" aliuliza.

"Peleka. Na chumba cha kubadilishia nguo ukawasomee. Wote."

Alishuka. Nilimsikia kutoka juu, sauti yake ile, akitaja vyumba kimoja kimoja.